Kukataa milioni sita na nusu bila kumpoteza wakala

Mhusika wa kisa hiki ni afisa ununuzi mwandamizi kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya hospitali jijini Dar es Salaam. Umri wake ni miaka thelathini na kitu, amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), na wakati mambo haya yanaanza alikuwa analipwa shilingi 3,800,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wakala wa ajira aliyemtafuta ni mwanamke aliyemzidi umri, yuko kwenye shughuli hiyo muda mrefu, na kijana wetu humwita Dada. Alimletea nafasi ya Meneja wa Ununuzi kwenye kampuni ya ujenzi, mshahara 6,500,000. Akaikataa. Mshahara ukapandishwa, akaikataa tena. Wakala hakununa, na miezi baadaye ndiye wa kwanza kumpigia nafasi nyingine ilipotokea.

Wote wawili wameniruhusu kusimulia, kwa sharti kwamba nisitaje majina na nibadilishe vitu viwili vitatu vinavyoweza kuwatambulisha. Nimewahi kukaa upande wa mawakala, na kisa hiki kimenivutia kwa sababu watu wakikisikia hudhani siri yake ni ulimi mtamu. Kijana huyu si mtu wa maneno matamu hata kidogo. Alichofanya vizuri ni kujua hapana yake ingemgharimu wakala nini, na kuifikisha wakati gharama hiyo bado ni ndogo.

Wakala anakula wapi

Tuanze na hapo, maana wengi wanaopigiwa simu na mawakala hawajui. Mtafuta kazi halipi kitu. Tanzania kanuni za mawakala binafsi wa ajira zinakataza kumtoza mtafuta kazi ada, kwa hiyo anayekuomba "hela ya fomu" au ya "kukuunganisha" hahitaji kukataliwa kwa upole, mwache tu. Anayelipa ni mwajiri. Kwa nafasi za ngazi ya meneja, utaratibu uliozoeleka ni asilimia fulani ya mshahara ghafi wa mwaka mzima, na mara nyingi hailipwi mpaka mtu ameripoti kazini. Viwango hupishana. Tukichukua asilimia 20 kama mfano, 6,500,000 mara miezi 12 ni 78,000,000, na ada yake ni 15,600,000. Hizo ndizo hela ambazo Dada alikuwa anaziona kwa mbali.

Ila kwenye mkataba wa wakala na mwajiri mara nyingi kuna kifungu cha dhamana. Mtu aliyeletwa akiondoka ndani ya kipindi walichokubaliana, na miezi mitatu ni kawaida, wakala anatafuta mwingine bila malipo mapya au anarudisha sehemu ya ada. Kwa hiyo mtu anayeona haya kukataa, akaingia, kisha akatoka mwezi wa pili, amemuumiza wakala kuliko yule aliyesema hapana mapema. Huyu wa pili amemnyima ada. Yule wa kwanza amempa kazi ya bure na mteja aliyekasirika.

Kadiri hatua zinavyosonga, bei ya hapana inapanda. Ukikataa kwenye simu ya kwanza, wakala hajapoteza chochote zaidi ya dakika kumi. Ukikataa baada ya wasifu wako kupelekwa, ameshakusifia kwa mtu mwingine, kwa hiyo sasa anapoteza uso kidogo. Baada ya usaili wa mwisho, mteja ameshakupanga kichwani mwake na huenda ameshawaambia wengine nafasi imejaa. Baada ya kusaini ofa, wale waliokuwa wa pili na wa tatu wamekwishaachwa, na wakala anaanza upya akiwa na mteja asiyemwamini tena. Kijana wetu alikataa baada ya usaili wa pili, kabla barua ya ofa haijaandikwa. Nafasi hiyo ya kukataa ilikuwa finyu, na aliipata kwa sababu ya alichosema siku ya kwanza.

Simu ya kwanza

Dada alipomtajia mshahara, hakushangilia wala hakujifanya hajali. Alimwambia: "Dada, hela ni nzuri, sitaki kukudanganya. Lakini hela peke yake haitanihamisha. Kabla hujapeleka wasifu wangu nisaidie mambo mawili: nafasi iko wazi kwa nini, na meneja huyo anaruhusiwa kuidhinisha ununuzi wa kiasi gani bila kumuuliza mtu?"

Swali la kwanza wakala alikuwa na jibu lake nusu. Aliyekuwepo ameondoka, na aliyekuwepo kabla yake hakukaa mwaka. La pili hakuwa na jibu kabisa, kwa sababu maelezo ya kazi aliyopewa na mteja yalisema tu "kusimamia shughuli zote za ununuzi", maneno ambayo hayana maana yoyote mpaka uone nani anasaini. Wakaafikiana aende akasikilize, na kwamba jibu la swali la pili ndilo litakaloamua.

Sentensi ile ya "hela peke yake haitanihamisha" inaonekana ya kawaida, lakini ilimpa baadaye kitu ambacho huwezi kukitengeneza ukishafika mwisho: sababu iliyokuwepo tangu mwanzo. Mtu anayeanza kuzungumzia mamlaka ya kusaini siku ya kukataa anaonekana anatafuta kisingizio. Huyu alikuwa ameshaiweka mezani.

Faili la nondo

Usaili wa kwanza ulikuwa na mtu wa rasilimali watu na mhasibu mkuu, na ulikwenda vizuri. Wa pili ulikuwa na mmiliki mwenyewe, mzee mchangamfu, mwenye chai na korosho mezani. Kijana akauliza swali lake. Mzee hakukasirika. Alivuta faili moja kabatini akamfungulia ukurasa wa manunuzi ya nondo za mradi uliokuwa unaendelea, ili amwonyeshe jinsi mambo yanavyokwenda.

Ndani kulikuwa na fomu ya ulinganisho wa bei, na nyuma yake profoma tatu za kampuni tatu. Kwa mtu wa ununuzi hiyo ni picha ya kila siku: unaomba bei kwa watatu, unalinganisha, unachagua, unasaini. Isipokuwa profoma zote tatu zilikuwa na kosa lile lile, uzito wa nondo kwa tani umeandikwa kwenye safu ya idadi ya vipande. Watu watatu wasiojuana hawakosei sehemu moja. Tena fomu ya ulinganisho ilikuwa na tarehe ya siku mbili baada ya hati ya kupokelea mzigo, yaani nondo zilifika kwanza, ushindani ukaandikwa baadaye. Mzee akasema kwa moyo mweupe kabisa: "Wazabuni ninao, wa miaka mingi. Wewe utakuwa unaweka makaratasi vizuri na kusaini, mambo mengine usijisumbue."

Sidhani mzee alikuwa na nia ya kumtega mtu. Ni mali yake, kampuni yake, na mwenye mali binafsi ana haki ya kununua kwa anayemtaka. Tatizo liko kwenye saini. Mtu aliyesajiliwa na bodi akisaini kwamba bei zimelinganishwa, ilhali hazikulinganishwa, jina lililo kwenye karatasi ni lake na si la mwenye mali. Siku benki iliyokopesha mradi, au mkaguzi, akifungua faili lile, atamuuliza aliyesaini. Nadhani hata wale mameneja wawili waliotangulia waliondoka kwa sababu hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia.

Hapo kazi ilikuwa imeshakataliwa moyoni. Lakini kijana hakuisema pale mezani, na naona alifanya sawa. Alimshukuru mzee, akasema amepata picha kamili na atazungumza na wakala. Ukimkataa mteja uso kwa uso, wakala anapata habari kutoka kwa mteja, na hilo ni jambo mawakala hawalisahau.

Hesabu ya usiku

Usiku ule alifanya hesabu ambayo kila mtu anapaswa kuifanya kabla ya kukataa, kwa sababu inajibu swali moja tu: je, kuna kiasi cha hela ambacho kingenifanya nikubali? Kama kipo, hicho si kisa cha kukataa, ni cha kujadiliana mshahara, na lugha yake ni tofauti kabisa.

Mshahara wake wa sasa, 3,800,000, ukitoa asilimia 10 ya NSSF unabaki 3,420,000. Kodi ya PAYE kwa kiwango hicho ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 854,000. Mkononi inaingia 2,566,000. Ofa ya 6,500,000 kwa hesabu hiyo hiyo inatoa NSSF 650,000 na kodi 1,583,000, mkononi inabaki 4,267,000. Kwa hiyo ile tofauti ya 2,700,000 inayong'aa kwenye simu, mkononi ni 1,701,000. Bado ni hela nyingi sana. Ana watoto wawili shuleni na kiwanja ambacho hakijamaliza kulipiwa.

Akajiuliza kama milioni nane, au tisa, ingebadilisha kitu kwenye lile faili. Haingebadilisha. Basi akaweka nadhiri kwamba kesho yake neno mshahara halitatoka mdomoni mwake. Mtu akikataa kazi huku analalamikia hela, wakala anasikia kwamba mlango uko wazi, anarudi kwa mteja kuomba nyongeza, na nyongeza ikipatikana wewe huna pa kukimbilia isipokuwa kuonekana kigeugeu.

Simu ya asubuhi

Alipiga saa tatu kasoro, kabla wakala hajaanza kuzungumza na wateja. Alipiga, hakuandika. Hii ni ladha yangu pengine, lakini kwa mtu ambaye mmefika naye usaili wa pili, ujumbe wa WhatsApp wa kukataa unasomeka kama mlango uliobamizwa, hata ukiujaza maneno ya shukrani. Sauti kwanza, maandishi baadaye.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Haya nipe habari, mzee ameniambia amekupenda."

"Nashukuru. Dada, nimeamua nisiendelee na nafasi hii. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu leo, kabla hawajaandika barua."

Angalia alivyoliweka neno lenyewe kwenye sentensi ya pili. Hapa ndipo malezi yetu yanatuponza. Tumefundishwa kutomkatalia mtu wazi, hasa aliyetuzidi na aliyetufanyia wema, kwa hiyo tunasema "ngoja nifikirie kidogo", "nitakujulisha", "Mungu akipenda". Nyumbani kila mtu anaelewa kwamba hiyo ni hapana. Kwa wakala hiyo ni ndiyo inayochelewa. Anamwambia mteja asubiri, anawaacha wagombea wengine wapoe, na wiki mbili baadaye simu haipokelewi. Nimeona mahusiano mengi yakifa kwa "nitakujulisha" kuliko kwa hapana.

Wakala alinyamaza kidogo, akauliza kama ni mshahara. Kijana akajibu kwamba mshahara hauna kasoro. Kisha akaeleza mambo mawili kwa namna mbili, na huu ndio ufundi wa kisa chenyewe.

Kwanza alimpa sababu ya kupeleka kwa mteja: kwamba kwa sasa anatafuta nafasi ambayo meneja wa ununuzi anachagua wazabuni na kuidhinisha hadi kiwango fulani, na nafasi hii imejengwa tofauti, maamuzi yako kwa mwenye kampuni. Hakuna tusi ndani yake. Ni kweli, na mzee mwenyewe asingeikataa.

Pili akamwambia yeye peke yake alichokiona. "Hili ni letu, dada. Nilionyeshwa faili moja. Profoma tatu zina kosa moja linalofanana, na fomu ya ulinganisho ina tarehe ya baada ya mzigo kupokelewa. Sijui historia yake. Ila mimi saini yangu siwezi kuiweka hapo." Alisema alichokiona, hakusema alichokihisi. Hakutamka wizi, hakutamka ujanja ujanja. Akihitimisha kwa niaba ya wakala, anamlazimisha achague kati yake na mteja anayelipa, na mteja anayelipa atashinda. Akimpa tarehe na kosa, wakala atahitimisha mwenyewe.

Na hapo ndipo lilipo jambo ninaloliona kuwa kiini. Kwa sentensi zile wakala alipata taarifa ambayo asingeipata kokote: kwa nini nafasi hii inatema watu, na kwamba yeyote atakayempeleka, kama ni mtu wa taaluma, ana hatari ya kuondoka ndani ya kipindi cha dhamana. Kijana alimalizia kwa kulisema hilo waziwazi: "Ningeingia, nisingemaliza miezi mitatu, na wewe ungebaki unatafuta upya." Ndiyo sentensi ambayo Dada ananinukulia mpaka leo.

Kuhusu uongo mdogo mdogo, ambao wengi huuona ni adabu: hakutumia hata mmoja. "Mama anaumwa" ni maneno ya mtu ambaye hajui Dar ilivyo ndogo. "Bosi wangu ameniongezea mshahara" ni mbaya zaidi, kwa sababu wakala ataandika kwenye kumbukumbu zake kwamba wewe ni wa kutumia ofa za watu kupandishia mshahara nyumbani, na hatakupigia tena kwa nafasi ya maana.

Maandishi

Ndani ya saa moja alituma barua pepe. Naiweka yote kwa sababu ufupi wake una kazi:

"Dada, habari za asubuhi. Kama tulivyozungumza kwenye simu, nimeamua kutoendelea na nafasi ya Meneja wa Ununuzi. Nashukuru kwa muda wako na kwa muda wa uongozi wa kampuni, hasa kwa uwazi walionionyesha kwenye usaili wa pili. Kwa hatua niliyofikia kitaaluma natafuta nafasi yenye mamlaka ya kuchagua wazabuni na kuidhinisha ununuzi hadi kiwango kinachojulikana, na naona nafasi hii imepangwa kwa mfumo tofauti. Naitakia kampuni kila la heri katika kumpata mtu anayefaa. Naomba pia wadhamini wangu wasipigiwe kwa nafasi hii."

Iliandikwa ili ipelekwe mbele. Wakala hakulazimika kuitafsiri wala kuipunguza makali. Aliibonyeza kwenda kwa mteja kama ilivyo. Ukiandika barua ndefu yenye mambo ya siri, unamwachia kazi ya kuandika nyingine, na akikosea neno moja utakuwa umesemewa usichokisema. Habari ya faili la nondo haikuguswa kwenye maandishi, wala kwa ujumbe wa sauti, ambao husambaa kuliko barua.

Mstari wa wadhamini ni mdogo lakini hupuuzwa. Taratibu zinaweza kuwa zimeshaanza, na mdhamini akipigiwa kuhusu kazi uliyokwisha kuikataa, habari inaweza kurudi kwa mwajiri wako wa sasa bila sababu. Jioni ile aliwajulisha wadhamini wenyewe kwamba mchakato umefungwa.

Hela zinapanda

Siku mbili baadaye Dada alipiga. Mzee ameongeza hadi 7,200,000. "Mdogo wangu, hawa watu wamekupenda kweli. Mimi ni lazima nikuletee, ndiyo kazi yangu."

Ni kweli, ni kazi yake, na hapa wengi huchukia wakiona wakala hakuwasikiliza. Alisikiliza. Mteja akiongeza dau, wakala hana ruhusa ya kulificha. Kwa hiyo si mahali pa kupandisha sauti, wala pa kurudia maelezo yote upya kana kwamba mahakamani. Nyongeza ile ya 700,000, kwa hesabu ya makato tuliyoiona, ni 441,000 mkononi, na jibu lilikuwa fupi: "Dada, asante kwa kunipigania. Kiasi hakikuwa tatizo, kwa hiyo kuongezeka kwake hakubadilishi. Wakibadilisha mfumo wa kuidhinisha, na ukaandikwa kwenye maelezo ya kazi, nipigie hata usiku. Wasipobadilisha, naomba uwaambie jibu ni lile lile, wasikusubirishe kwa ajili yangu."

Aliacha sharti moja wazi, na lilikuwa sharti la kweli. Kama mzee angekubali kuandika kwamba meneja anaidhinisha hadi milioni 10 na juu ya hapo wanakaa watatu, kijana angerudi kuzungumza. Mtu asitaje sharti ambalo likitimizwa bado atakataa. Hiyo ndiyo namna ya haraka zaidi ya kumgeuza wakala kuwa adui, maana atakuwa amekwenda kwa mteja, ameomba, amepewa, halafu anarudi kwako anakuta hakuna kitu.

Dada aliuliza. Mzee akasema hawezi, na kwa kweli sikutarajia aweze.

Jina la mtu mwingine

Ushauri unaosikika sana ni huu: ukikataa, mpe wakala jina la mtu mwingine, umsaidie kujaza nafasi. Kijana alikataa hata hilo, na ndipo nilipoanza kumheshimu. Dada alimwomba jina. Akajibu: "Kwa nafasi hii sina mtu wa kumpeleka, dada, ukijua ninachokijua utanielewa. Lakini ile ya meneja wa ghala uliyonigusia mwanzoni, nina mtu. Nipe mpaka jioni nimwulize kwanza."

Kumtupa rafiki kwenye shimo uliloliruka si msaada kwa rafiki wala kwa wakala, kwa sababu rafiki naye atatoka ndani ya miezi mitatu, na safari hii wakala atakumbuka jina lilitoka wapi. Kumwuliza kwanza kuna sababu yake pia. Namba ya mtu aliyeajiriwa ikianza kupigiwa na mawakala bila yeye kujua, akiwa amekaa karibu na bosi wake, si jambo dogo. Alimwuliza, mwenzake akakubali, namba ikatumwa jioni ile pamoja na sentensi mbili za kueleza anachokiweza na anachokitaka. Huyo ndiye aliyeipata kazi ya ghala, na ada yake ikaingia kwa Dada. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini iliingia.

Baada ya hapo

Kampuni ya ujenzi ilipata mtu kupitia wakala mwingine. Dada hakupata ile ada, na hajifanyi kwamba haikumuuma. Anachosema ni kwamba alipunguza hasara, kwa kuwa alijua ukweli mapema na hakupeleka mgombea wa pili kipofu.

Kijana hakumfanya kuwa rafiki wa kila wiki. Alimsalimu sikukuu, na mara moja alimtumia tangazo la semina ya bodi ambalo lingemsaidia kuwajua watu wa ununuzi. Alipopandishwa ngazi kazini kwake alimtaarifu kwa mistari miwili, akitaja majukumu mapya na kwamba kiwango anachoidhinisha sasa kimeongezeka. Kwa wakala taarifa kama hiyo ni bora kuliko salamu nyingi, kwa sababu inabadilisha kitu kwenye kumbukumbu zake: ni nafasi gani anaweza kukupigia, na gani asijisumbue.

Miezi kadhaa baadaye ilitokea nafasi kwenye kiwanda cha vinywaji, mshahara 5,400,000, ambao kwa hesabu ile ile ni 3,574,000 mkononi. Ni chini ya alichokikataa kwa karibu laki saba kila mwezi. Dada alianza mazungumzo bila kutaja mshahara: "Kabla hujaniuliza, meneja anasaini mwenyewe hadi milioni 20, juu ya hapo ni kamati, na nimeiona imeandikwa." Akaenda kwenye usaili, akafika hatua ya watu wawili wa mwisho. Nafasi ilichukuliwa na mtu wa ndani ya kiwanda. Dada alimpigia kumwambia siku hiyo hiyo, jambo ambalo mawakala wengi hawalifanyi kwa mtu aliyeshika nafasi ya pili, na kwenye simu hiyo hiyo akamwuliza kama angekuwa tayari kusikia habari za kampuni moja ya Arusha.